Barua Pepe Zitasimama Ijumaa Jioni

Katika ofisi nyingi tangazo la kuhamisha barua pepe huja hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Huduma ya barua pepe itasitishwa kwa muda mfupi mwishoni mwa wiki hii kutokana na maboresho ya mfumo. Samahani kwa usumbufu utakaojitokeza." Mfanyakazi analisoma, anaendelea na kazi zake, na Jumatatu asubuhi simu ya chumba cha TEHAMA haiachi kulia. Huyu haoni barua za mwaka jana, yule ameambiwa na mteja kwamba anwani yake haipo, na mhasibu hawezi kuingia benki kwa sababu namba ya kuthibitisha inatumwa kwa barua pepe.

Tangazo hilo halina uongo wowote. Kasoro yake ni kwamba halimwambii mtu afanye nini, ilhali sehemu kubwa ya matatizo ya Jumatatu ingezuilika kwa mambo machache ambayo mfanyakazi mwenyewe angeyafanya kabla ya Ijumaa.

Chukua mfano wa ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam yenye wafanyakazi 40. Barua pepe zao zilikuwa zikikaa kwenye seva ileile inayobeba tovuti yao, kwa kampuni ndogo ya hapa mjini. Nafasi imejaa, barua zinazotoka huangukia kwenye kasha la taka la wateja, na wakubwa wameamua kuhamia kwa mtoa huduma mwingine. Afisa TEHAMA wa ofisi hiyo, kama anaijua kazi yake, ataandika hivi siku ya Jumatatu, kisha ataikumbusha tena Alhamisi:

"Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Ijumaa hii saa 12:00 jioni tunahamisha barua pepe za kampuni kwenda kwa mtoa huduma mpya. Anwani zenu hazibadiliki. Kuanzia saa hiyo hadi Jumamosi saa 6:00 mchana, msitegemee kutuma wala kupokea barua kwa anwani ya kazi.

Kabla ya Ijumaa saa 10:00 jioni, malizieni barua zote zilizobaki kwenye rasimu na zile zinazosubiri kutoka. Anayetumia Outlook aangalie kama akaunti yake imeandikwa POP. Ikiwa ndivyo, anione kabla ya Alhamisi.

Wakati wa uhamisho, kwa jambo la haraka tumieni simu. Barua mtakazotumiwa zitasubiri, kisha zitaingia. Msifute akaunti ya zamani kwenye simu wala kwenye kompyuta mpaka niwaambie.

Nywila mpya mtazichukua kwangu Ijumaa mchana, kila mtu bahasha yake. Sitatuma kiungo cha kubonyeza, na sitamwomba mtu nywila yake. Mkiona ujumbe wa namna hiyo, si wangu.

Likikwama jambo, nipo ghorofa ya 2."

Barua hiyo ni fupi, lakini kila agizo lililomo lina sababu yake.

Kwanza, siku. Ijumaa jioni imechaguliwa kwa sababu siku 2 zinazofuata ni za mapumziko, na afisa anaweza kurekebisha mambo bila watu 40 kumsimamia mgongoni. Lakini si kila Ijumaa inafaa. Nchini Tanzania makato ya kodi ya mishahara huwasilishwa kufikia tarehe 7 ya mwezi, na ritani za VAT kufikia tarehe 20. Wiki inayokaribia tarehe hizo mhasibu anaishi kwenye barua pepe, hivyo afisa mwenye busara humwuliza yeye kabla ya kumwuliza mkurugenzi.

Pili, ule muda wa saa 18. Kazi yenyewe ya kubadili mtoa huduma huchukua dakika chache tu. Kila jina la kampuni mtandaoni, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @, ambayo mafundi huyaita kikoa, lina kumbukumbu iliyo wazi kwa dunia nzima inayosema barua za jina hili zipelekwe seva gani. Kumbukumbu hiyo huitwa MX, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiona kwa amri moja:

```
nslookup -type=mx example.com
```

Kuhamisha barua pepe ni kufuta jina la seva ya zamani katika kumbukumbu hiyo na kuandika la mpya. Tatizo ni kwamba seva za dunia hazisomi kumbukumbu hiyo upya kila mara. Zikishaisoma huiweka kichwani kwa muda ambao mwenye kikoa amepanga, na muda huo huhesabiwa kwa sekunde. Wengi huuacha kwenye 86400, yaani siku nzima. Ukibadili MX Ijumaa saa 12:00 jioni huku muda ukiwa siku nzima, seva ya mteja wa Mombasa iliyosoma kumbukumbu saa 11:00 itaendelea kupeleka barua kwa mtoa huduma wa zamani hadi Jumamosi saa 11:00 jioni, wakati seva ya mteja wa Dubai iliyosoma saa 12:30 inapeleka kwa mpya. Barua za ofisi moja zinagawanyika mikondo 2, na mfanyakazi anayetazama kikasha kipya peke yake ataapa kwamba nusu ya barua zimepotea.

Dawa yake ni ndogo na haigharimu kitu. Jumatano asubuhi, siku 2 kabla ya uhamisho, afisa anashusha muda huo kutoka 86400 hadi 300, yaani dakika 5. Kufikia Alhamisi asubuhi kila seva iliyokuwa na kumbukumbu ya siku nzima imeshaisahau na kusoma ile ya dakika 5. Ijumaa jioni mabadiliko yakifanywa, wengi watayaona ndani ya dakika hizo. Mambo yakitulia, muda unarudishwa juu. Saa 18 zilizoandikwa kwenye tangazo ni nafasi ya kupumua: kwa ajili ya seva zisizofuata utaratibu, kwa ajili ya umeme na intaneti ya ofisi, na kwa ajili ya kunakili barua za mwisho zilizoingia kwenye seva ya zamani. Ni heri kuahidi saa 18 na kumaliza kwa 4 kuliko kuahidi nusu saa.

Sasa tuje kwenye sentensi ambayo wafanyakazi wengi hawaiamini: "Barua mtakazotumiwa zitasubiri, kisha zitaingia." Ni kweli, na sababu yake ni ya kihistoria. Taratibu za kusafirisha barua pepe ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo kompyuta nyingi hazikuwa hewani muda wote. Kwa hiyo seva inayotuma ilipewa jukumu la kuvumilia. Ikigonga mlango wa seva inayopokea isijibiwe, haitupi barua; inaiweka kwenye foleni na kujaribu tena. Toleo la mwaka 2008 la taratibu hizo linashauri jaribio lirudiwe baada ya angalau dakika 30, na mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Seva nyingi humtaarifu mtumaji baada ya saa kadhaa kwamba barua yake imechelewa, na hapo ndipo mteja hupiga simu akidhani mambo yameharibika. Mambo hayajaharibika. Saa 18 za kimya haziwezi peke yake kupoteza barua.

Kinachopoteza barua ni jibu baya.

Seva inayopokea hujibu kwa namba. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "sasa hivi siwezi, rudi baadaye," na mtumaji hurudi. Jibu linaloanza na 5 maana yake ni "hapana," na mtumaji hukata tamaa palepale, akairudisha barua kwa mwenyewe. Lile linaloogopewa zaidi siku ya uhamisho ni 550, kwamba anwani hiyo haipo hapa. Litatokea ikiwa afisa ameelekeza MX kwenye seva mpya kabla ya kufungua humo kila anwani iliyokuwa inatumika kwenye ya zamani. Majina ya watu hayasahauliki, kwani orodha ya wafanyakazi ipo. Zinazosahaulika ni anwani zisizo na mtu: ile ya maulizo iliyochapishwa kwenye kadi za biashara, ile ya manunuzi ambayo barua zake huelekezwa kwa watu 3, ile ya meneja aliyeacha kazi lakini kampuni za meli bado zinaitumia kutuma taarifa za makontena. Hizo ndizo zinazomfanya mteja aambiwe anwani haipo.

Namna ya kuzipata ni kufungua orodha kamili kwenye seva ya zamani, pamoja na majina ya ziada na maelekezo yote, kisha kupita dawati kwa dawati kuuliza: "Dada, kuna barua zinakufikia ambazo hazijaandikwa jina lako?" Swali hilo hufichua anwani ambazo hakuna anayekumbuka nani alizifungua.

Agizo la kuangalia neno POP ndilo zito kuliko yote kwa mfanyakazi wa kawaida, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Programu ya barua kwenye kompyuta huzichukua barua kutoka seva kwa njia 2 kuu. Njia ya IMAP hutazama barua zikiwa seva. Kinachoonekana kwenye kompyuta ni nakala, na ukifungua kwa simu unaona vilevile. Njia ya POP, ambayo ni ya zamani zaidi, huzipakua barua hadi kwenye kompyuta na mara nyingi, kulingana na mipangilio, huzifuta seva baada ya hapo. Ofisi zilizokuwa na nafasi ndogo ziliipenda sana POP kwa sababu iliziacha seva zao wazi. Matokeo yake ni kwamba barua zote za mtu aliyekaa kazini miaka 8 zipo mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta iliyo mezani kwake, kwenye faili moja ambalo Outlook hulipa jina linaloishia na .pst.

Afisa akinakili barua kutoka seva ya zamani kwenda mpya, atazikuta za watu wa IMAP. Kwa mtu wa POP atakuta kikasha kina barua za juzi na jana tu, na folda ya barua zilizotumwa huenda ikawa tupu kabisa. Programu ya kunakili itamaliza kazi bila kulalamika, kwa sababu imenakili kila ilichokiona. Jumatatu mhusika anafungua akaunti mpya na kuona weupe.

"Kaka, barua zangu zote zimekwenda!"

"Hazijaenda, dada. Usifute kitu, usiondoe akaunti. Nakuja."

Akiwa hajafuta chochote, kazi ni ya saa moja au 2: faili lile linanakiliwa kwenye diski ya nje, kisha barua zake zinahamishiwa kwenye akaunti mpya folda kwa folda. Akiwa ameshapewa kompyuta mpya na ile ya zamani imesafishwa apewe mwanafunzi wa mafunzo kazini, hakuna la kufanya. Ndiyo maana tangazo linataka mtu wa POP ajitokeze kabla ya Alhamisi. Kujitambua ni rahisi: katika Outlook ya kompyuta hufunguliwa File, kisha Account Settings, na pembeni ya anwani huonekana aina ya akaunti, POP au IMAP.

Amri ya kutofuta akaunti ya zamani inatoka kwenye hofu hiyohiyo, ila kwa njia nyingine. Mtu wa IMAP akiondoa akaunti kwenye simu, nakala zilizomo zinaondoka nayo. Zilizo seva zinabaki salama, lakini rasimu ambayo simu haijaipandisha na barua iliyokwama kwenye foleni ya kutoka hazikuwahi kufika seva. Hizo zinakufa kimya.

Kuna mtego mwingine ambao hata mafundi wazoefu huunasa mguu, nao unahusu seva ya zamani kuendelea kujiona bado ni mwenye nyumba. Ofisi yetu ya forodha ilikuwa kwa mtoa huduma mdogo wa mjini, na baadhi ya wateja wake wako kwa mtoa huduma huyohuyo, kwenye mashine ileile. Mteja wa namna hiyo akituma barua, seva haina haja ya kusoma MX ya dunia. Inaona kikoa kimo kwenye orodha yake, inaitumbukiza barua kwenye kikasha cha zamani na kumwambia mtumaji kwamba imefika. Haitarudi, haitasubiri foleni, na mtumaji hatapata taarifa yoyote. Mambo ni hayohayo kwa fomu ya maulizo iliyo kwenye tovuti ya kampuni, ikiwa tovuti imebaki kwenye seva ile. Dalili yake ni ya kushangaza: barua kutoka Gmail zinaingia vizuri, za nje ya nchi zinaingia, ila mteja 1 au 2 wa hapahapa mjini wanalalamika kwamba hawajibiwi, na fomu ya tovuti imenyamaza wiki nzima. Kwenye seva nyingi za aina hiyo, zinazoendeshwa kwa cPanel, kuna sehemu iitwayo Email Routing. Afisa anatakiwa kubadili chaguo kutoka Local Mail Exchanger kwenda Remote Mail Exchanger. Ni kubonyeza mara moja, na ni vema kufanywe dakika ileile MX inapobadilishwa.

Barua zinazotoka nazo zina shida yake. Kikoa hubeba kumbukumbu nyingine, SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni. Seva mpya isipoongezwa humo, barua za ofisi zitaonekana kama za mtu anayejifanya. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti yao kuhusu uthibitisho wa namna hii, kwa hiyo barua ambazo zamani zingepenya sasa huishia kwenye taka au kukataliwa. Kosa la kawaida ni fundi kuandika mstari wa pili wa SPF chini ya ule wa zamani badala ya kuurekebisha uliopo. Kikoa kinaruhusiwa mstari mmoja tu wa aina hiyo. Vikiwa 2, ukaguzi unashindikana kwa vyote. Mfanyakazi haoni haya. Anachoona ni wateja wanaosema, "Nimeikuta kwenye spamu," na akilisikia hilo zaidi ya mara moja wiki ya kwanza, amwambie afisa siku hiyohiyo badala ya kuendelea kuwaomba wateja waangalie kasha la taka.

Printa ya ghorofa ya chini inayoskani na kutuma nyaraka kwa barua pepe, pamoja na mfumo wa hesabu unaotuma ankara, vina anwani ya seva ya zamani na nywila ya zamani. Havisomi matangazo. Afisa huviandika kwenye karatasi yake na kuvibadilisha kimoja kimoja Jumamosi.

Linabaki suala la bahasha. Kwa nini nywila zigawiwe kwa karatasi katika ofisi yenye kompyuta 40? Kwa sababu wiki ya uhamisho ndiyo wiki ambayo ujumbe wa kitapeli unaaminika kirahisi. Kila mtu anajua barua pepe zinahama, kila mtu anangoja maelekezo, na ukija ujumbe unaosema "Kikasha chako kitafungwa, bonyeza hapa uthibitishe nywila," hata mkurugenzi atabonyeza. Tangazo likishasema mapema kwamba hakutakuwa na kiungo na hakuna atakayeombwa nywila, tapeli amefungiwa mlango. Wapo maofisa wanaokusanya nywila za wafanyakazi wote kwenye jedwali ili ziwasaidie kunakili barua. Hiyo ni tabia mbaya na haina ulazima: mwenye usimamizi wa seva anaweza kuweka yeye mwenyewe nywila za muda kwenye akaunti za zamani, akanakili, bila kujua siri ya mtu yeyote.

Namba za kuthibitisha zinazotumwa na benki na mifumo mingine ni habari tofauti na barua za kawaida. Barua ya mteja ikisubiri kwenye foleni hadi Jumamosi haina neno, lakini namba ya kuthibitisha huisha muda ndani ya dakika chache. Itafika kweli, ikiwa imeshakufa. Mwenye malipo ya kufanya Ijumaa usiku ayafanye mchana, au abadilishe mapema namba hizo ziende kwa simu.

Jumamosi asubuhi afisa anatuma barua ya majaribio kutoka Gmail yake binafsi kwenda kwa kila anwani, za watu na zisizo za watu, na kujibu kutoka baadhi yao. Ananakili kwa mara ya mwisho barua zilizoingia seva ya zamani baada ya nakala ya kwanza. Kisha anaiacha seva hiyo ikiwaka. Mkataba wa zamani haufai kukatwa siku ya uhamisho hata kama mkurugenzi ana haraka ya kuokoa fedha. Mwezi mmoja wa ziada kwa kawaida unatosha kugundua fomu iliyosahaulika au mteja aliyebaki upande wa zamani.

Na wewe msomaji, ikiwa ofisini kwenu limebandikwa tangazo la aina hii wiki hii, fungua mipangilio ya programu yako leo uangalie kama imeandikwa POP au IMAP. Ikiwa ni POP, mwone afisa TEHAMA wako kabla hajaanza kunakili.